"Pia" zikijaa kwenye aya, usikimbilie "aidha"

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni katibu wa chama cha msingi cha kahawa huku Mbozi. Kila taarifa ninayoandika, mwenyekiti anasema inamsinziza. Nimenunua karatasi ya viunganishi nikabadilisha baadhi, bado analalamika. Aya yenyewe ni hii: "Mkulima anachuma kahawa. Mkulima anapeleka kahawa kwenye mashine. Pia anachambua kahawa. Pia anamenya kahawa. Vilevile anavundika kahawa. Aidha anaosha kahawa. Halikadhalika anaanika kahawa." Nirekebishe wapi?

JIBU: Ndugu katibu, karatasi hiyo naijua. Hapa Mbeya inatolewa fotokopi kwenye steshenari za jirani na vyuo, na kila wiki naletewa ripoti zilizoandikwa kwa kuifuata. Aliyekuuzia amekuaminisha kwamba umepungukiwa maneno. Hujapungukiwa. Ulipofuta "pia" ukaweka "aidha", ulibadilisha nguo tu. Aliyevaa ni yuleyule na amesimama palepale.

Tuanze na kazi ya "pia". Neno hili humwambia msomaji kwamba jambo linalofuata linawekwa ubavuni mwa lililotangulia, na kwamba hata yangebadilishana nafasi hakuna kingeharibika. "Chama kina mizani, pia kina ghala." Geuza: "Chama kina ghala, pia kina mizani." Maana haijaguswa. Sasa jaribu kugeuza aya yako: mkulima anaosha kahawa, pia anaimenya. Hapo umeharibu kahawa. Hatua zako zinafuatana, na kila moja ina sababu ya kuja baada ya nyingine, lakini viunganishi ulivyoweka vinasema zimelala bega kwa bega. Mwenyekiti anasinzia kwa sababu aya inamwambia hakuna hatua iliyozaa nyingine. "Vilevile", "aidha" na "halikadhalika" zinasema jambo hilohilo, kwa hiyo kuzizungusha hakusaidii.

Kuna jambo la pili ambalo karatasi hiyo haiwezi kukwambia. Wengi wakishafuta "mkulima" na "pia" wanadhani wamemaliza. Wanabaki na hii: Anachuma. Anapeleka. Anachambua. Anamenya. Anavundika. Isome kwa sauti. Kiswahili kinambeba mtendaji kwenye kichwa cha kitenzi, kwa hiyo hata ukimwondoa mkulima kama neno, bado anabisha hodi mwanzoni mwa kila sentensi kupitia "ana-". Ushauri wa "punguza kutaja kiima", ambao watu wanaunakili kutoka kwenye vitabu vya lugha nyingine, kwetu unatatua nusu tu ya tatizo, tena nusu iliyo nyepesi.

Chukua penseli. Pigia mstari silabi mbili za kwanza za kila sentensi, kisha shuka na mistari hiyo kwa jicho. Ukikuta tatu zinazofuatana zimefanana, usiguse neno lolote kwanza. Jiulize: kwa nini hatua hii inafanyika, na nani au nini hasa kinaongoza hapa? Mimi niliuliza hivyo kwa kila sentensi yako, nikajijibu kwa yale ambayo mkulima yeyote wa Mlowo au Vwawa anayafahamu, ikatoka hivi:

"Mkulima huchuma kahawa nyekundu tu na kuifikisha mashineni siku hiyohiyo, kwa kuwa ikilala kwenye gunia huanza kuchacha. Kabla ya kumenywa hutumbukizwa majini. Matunda mepesi huelea, nayo huenguliwa. Mabichi yaliyochanganyika wakati wa kuchuma anayachambua kwa mkono. Mashine ikishaondoa ganda, punje hubaki na ute unaoteleza, na ute huo ndio unaolegezwa kwa kuvundika tangini. Kwenye joto kazi hiyo huweza kuisha ndani ya saa 12 hivi, ila kwa baridi ya Juni na Julai inaweza kupita siku nzima. Mzoefu haangalii saa. Huzifikicha punje kiganjani, na zikikwaruza badala ya kuteleza, wakati wa kuosha umefika. Vichanjani hugeuzwa mara kwa mara na kufunikwa jua linapokuwa kali, mpaka unyevu ushuke karibu na asilimia 11."

Hakuna "pia" hata moja, na sikuiwinda ili niifute. Ilikosa kazi. Sababu zilipoingia, zilikuja na viunganishi vyake: "kwa kuwa", "kabla ya", "mpaka". Aya yako ya kwanza haikuwa na sababu hata moja, ndiyo maana ikabaki kuokoteza viunganishi vya kujumlisha.

Sasa tazama vichwa vya vitenzi. Kuchuma na kufikisha vilikuwa sentensi mbili kwako. Vimekuwa kimoja kwa "na ku-": huchuma na kuifikisha. Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika zaidi. Kuna watu watakwambia utumie "-ka-": akachuma, akapeleka, akamenya. Hiyo ni ya kusimulia jambo lililokwisha kutokea, ikifuata "-li-". Ungekuwa unasimulia alichofanya mkulima mmoja msimu uliopita, ingekufaa sana. Unapoeleza jinsi kazi inavyofanyika kila mwaka, haikufai.

Kisha nimemwacha mkulima apumzike na kuviachia vitu vyenyewe viongoze: matunda huelea, mashine ikishaondoa, punje hubaki. Hapa ngeli zinakufanyia kazi bure. Pale kitenzi kisipoanza na "hu-", kila kitu kinachoongoza kinakuja na kiambishi chake, mara ya-, mara i-, mara zi-, mara u-, na sikio linapata mwanzo mpya bila wewe kujikamua. Aliyezoea kuandika "mkulima" kila mahali anajinyima utajiri huu, kwa sababu kila binadamu akiingia anakuja na "a-" ileile.

Sentensi ya mabichi ndiyo inayohitaji uangalifu. Nimetanguliza kinachotendwa, halafu kitenzi kikakirudia ndani yake: mabichi anayachambua. Nimeruhusiwa kufanya hivyo kwa sababu msomaji ametoka kusikia habari za matunda na rangi yake, hivyo akikutana na "mabichi" anajua ni yapi. Ningeandika "Turubai analitandaza juu" huku turubai halijatajwa popote, angeuliza turubai lipi. Kwa hiyo unapotaka kuhamisha neno kulileta mbele, angalia sentensi iliyopita: kama jambo hilo limeshatajwa au linajulikana, lilete. Kama ni geni, liache nyuma ya kitenzi. Mahali nako ni hivyohivyo. "Vichanjani" imekaa mbele bila kumshtua mtu, kwa kuwa baada ya kuosha kila mkulima anajua kahawa inakwenda wapi.

Usiichukue hii ukaanza kumfuta mtendaji kila mahali. Kwenye taarifa za fedha ni hatari. "Katibu alimkabidhi mhasibu fedha za mauzo. Alizipeleka benki kesho yake." Nani alizipeleka? Wote wawili ni "a-", na fedha zisipoonekana, sentensi hiyo italetwa kwenye mkutano mkuu na kila mmoja ataisoma kwa upande wake. Hapo rudia "mhasibu" bila haya. Mikataba ya kuuza kahawa iandikwe hivyohivyo: muuzaji atafanya hili, mnunuzi atafanya lile, hata kama itachosha masikio. Na maelekezo ya kubandika ukutani kwenye mashine yaanze yote kwa amri moja, chuma, leta, elesha, menya, kwa sababu anayesoma akiwa na mikono iliyolowa anatafuta hatua inayofuata, hatafuti utamu wa lugha.

Kinachonikera kuliko aya yako, ndugu katibu, ni hawa wanaojiita wahariri wanaotoza kwa ukurasa kwa kunyunyiza viunganishi kwenye kazi za watu. Mtu analeta ripoti yenye sentensi bapa, wao wanachomeka "hata hivyo" hapa, "kwa upande mwingine" pale, wanachukua hela. Karatasi inarudi ikionekana imesomeka. Kumbe sasa imeharibika zaidi, kwa sababu kiunganishi ni dai. Nimesoma ripoti ya kilimo iliyosema: "Mvua zilichelewa. Hata hivyo, wakulima walichelewa kupanda." Soma tena. "Hata hivyo" inaahidi kwamba kinachofuata kitapingana na kilichotangulia, lakini kuchelewa kupanda ndiyo tokeo hasa la mvua kuchelewa. Msomaji makini anasimama, anatafuta ubishi ambao haupo, halafu anaanza kuwaza kama wakulima walikuwa na mbegu mapema wakazembea. Mwandishi hakukusudia kuwalaumu. Aliyemnyunyizia ndiye aliyewalaumu, na jina lililo kwenye jalada si lake.

Ile ripoti bapa ya mwanzo ingemchosha afisa wa benki, basi. Hii ya pili inaweza kumfanya aandike pembeni "uzembe wa wanachama" na kuuweka mkopo wa pembejeo kando. Wanafunzi wa sekondari nao wanakaririshwa karatasi ileile: aya ya pili ianze na "aidha", ya tatu na "hata hivyo", ya mwisho na "hatimaye". Wanaandika insha yenye viunganishi vyote mahali pake, na ukiwauliza "hata hivyo" inapingana na nini, wanakutazama.

Kwa hiyo, karatasi yako hiyo itoe kwenye meza ya ofisi. Taarifa ya mwezi huu iandike kwa sababu kwanza, kila hatua na "kwa nini" yake, hata kama viunganishi vyote vitakosekana mwanzoni. Ukishamaliza, chukua penseli kama nilivyoeleza. Mwenyekiti akikuuliza umetoa wapi lugha hii, mwonyeshe sentensi ya kukwaruza kiganjani umwulize kama ni kweli, maana yeye ndiye aliyekaa kwenye mashine miaka mingi, na kama muda wa kuvundika nilioweka haulingani na baridi ya kijijini kwenu, arekebishe yeye kabla hujachapa.