Ukipewa wastani peke yake: ushauri kwa wanaoanza kazi ya takwimu

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya takwimu hapa Dar, kuna swali mtaulizwa mapema, na mara nyingi mtaulizwa mkiwa hamna data ya kulijibu. Bosi anakuja na ripoti mkononi: "Wastani ndio huu. Sasa niambie, ni wangapi wamechelewa kupita kiasi?" Aliyetoka chuoni juzi hukimbilia kudhani kwamba namba zimejipanga kwa mgawanyo wa kawaida, lile umbo la kengele, kisha anatoa jibu lenye desimali mbili. Jibu hilo amelitunga. Hakuna kitu kwenye ripoti kilichomwambia habari ya kengele.

Lakini msiondoke mkidhani kwamba wastani mtupu hausemi lolote. Unasema jambo moja, na unalisema kwa uhakika kabisa, mradi kinachopimwa hakiwezi kushuka chini ya sifuri.

Tuchukue mfano. Kuna ofisi inayosambaza vifurushi kwa bodaboda, stoo yake iko Kariakoo, wateja wako kila kona: Sinza, Mbagala, Tegeta, Gongo la Mboto. Mfumo wao hautunzi muda wa kila safari. Mwisho wa mwezi unatoa namba mbili tu: vifurushi 1,000, jumla ya dakika 40,000. Wastani ni dakika 40. Bosi anataka kujua wateja waliosubiri saa 2 au zaidi.

Weka hesabu ya uwezekano pembeni kwanza, fikiri kama mtunza fedha. Zilizotumika ni dakika 40,000, hazizidi hapo. Kila kifurushi kilichochelewa kwa saa 2 kimekula angalau dakika 120 kutoka kwenye jumla hiyo. Vifurushi 333 vya namna hiyo vingekula 39,960, na hapo tumebakiwa na dakika 40. Cha 334 hakina pa kuingia, kwa sababu 334 mara 120 ni 40,080. Basi waliochelewa hawazidi 333. Hatujadhani chochote kuhusu foleni ya Ubungo wala mvua wala ujuzi wa dereva, na bado jibu hili haliwezi kukosea.

Hiyo ndiyo kanuni ya Markov yote. Imepewa jina la Mrusi Andrei Markov (1856–1922), ingawa mwalimu wake Chebyshev alishaitumia hoja hiyohiyo kabla yake. Kwenye vitabu mtaikuta hivi:

```
P(X ≥ a) ≤ E(X) / a
```

`X` ni kiasi chenyewe, `E(X)` ni wastani wake, `a` ni kiwango unachokiulizia. Kwetu sisi ni 40 gawanya kwa 120, yaani theluthi moja. Ukichukua kifurushi kimoja kwa bahati nasibu kati ya wale 1,000, uwezekano wa kuangukia kilichochelewa saa 2 au zaidi hauzidi theluthi.

Sasa nataka mwone hatua moja ya ndani, kwa sababu makosa mengi yanazaliwa hapo. Chukua orodha ya dakika, uiandike upya: kila kilichofika 120 au kupita kiandike 120, na kila kisichofika kiandike 0. Kwa kufanya hivyo hakuna kifurushi ulichokiongezea dakika. Vingine umevipunguza, vingine umeviacha vilivyo. Kwa hiyo jumla mpya haiwezi kuzidi ile ya zamani, na jumla mpya si kitu kingine ila 120 mara idadi ya waliochelewa. Angalia mahali uzito ulipoegemea: kuandika 0 mahali pa namba nyingine ni kupunguza, ikiwa tu namba hiyo haikuwa hasi.

Ndiyo maana nawaambia, kabla ya kutumia kanuni, ulizeni safu hiyo inapima nini hasa. Kuna ofisi ambazo hazirekodi muda wa safari, zinarekodi "ucheleweshaji", yaani muda uliotumika ukitoa muda ulioahidiwa. Aliyewahi kufika anaandikwa kwa namba hasi. Tuseme vifurushi 10: vitano vimechelewa kwa dakika 60 kila kimoja, vitano vimewahi kwa dakika 50. Jumla ni 300 kutoa 250, wastani ni dakika 5. Mtu akichomeka kwenye kanuni atapata 5 gawanya kwa 60, kama asilimia 8, akamwambia bosi kwamba waliochelewa saa nzima hawafiki hata mmoja kati ya kumi. Ukweli ni watano kati ya kumi. Waliowahi walikuwa wanafuta makosa ya waliochelewa ndani ya wastani, na kanuni haina macho ya kuliona hilo. Kama mnayo safu yenyewe, `=MIN(B2:B11)` inatosha kuwaonyesha. Faida na hasara ya duka, salio la akaunti, mabadiliko ya bei, vyote ni vya jamii hiyohiyo.

Dawa yake ipo kama unajua mwisho wa chini. Ikiwa hakuna anayewahi kwa zaidi ya dakika 50, ongeza 50 kwa kila namba. Wastani unakuwa 55, kiwango kinakuwa 110, na kanuni inatoa nusu. Kwa mfano wetu nusu ndiyo hali halisi kabisa. Msitegemee iwaangukie hivyo kila siku.

Turudi Kariakoo, maana ujanja huohuo unafanya kazi kwa upande wa pili, na hapa ndipo mtakapoonyesha kwamba mnaijua kazi. Ile 333 ni kikomo cha juu, si makadirio. Ili ifikiwe, vifurushi 667 vilivyobaki vingegawana dakika 40, yaani vifike kwa mteja kabla dereva hajavaa helmeti. Hilo haliwezekani. Basi nenda stoo ukamuulize dada anayepokea oda: kutoka oda inapoingia hadi mteja wa karibu kabisa anasaini, muda mfupi kuliko wote ni upi? Tuseme anakwambia, "Kaka, hapa kuna kutafuta mzigo, kufunga, kuandika risiti. Chini ya dakika 25 haijawahi kutokea, hata kama mteja yuko hapo Mtaa wa Msimbazi."

Sentensi hiyo moja ni mali. Toa 25 kwa kila kifurushi. Kilichobaki hakiwi hasi, wastani wake ni 15, na kufika dakika 120 sasa ni kufika 95 juu ya zile 25. Dakika 15,000 ukizigawa kwa 95 unapata 157 na sehemu. Kikomo kimeshuka kutoka 333 hadi 157, bila kuongeza hata safu moja ya data. Ila hakikisheni hiyo 25 ni ya kweli. Kikiwepo kifurushi kimoja kilichotumia dakika 10, hoja imepasuka, japo kwa ufa mdogo.

Sasa ni namna ya kulisoma jibu, na hapa huwa sina huruma na wanaoripoti vibaya. Usimwandikie bosi "asilimia 16 ya wateja walichelewa". Andika "hawazidi asilimia 16". Inawezekana hakuna hata mmoja: vifurushi vyote 1,000 vikitumia dakika 40 sawasawa, wastani ni uleule. Wastani peke yake haukupi kikomo cha chini kwa swali hili, kwa hiyo usithubutu kusema "angalau". Na ukiulizwa kuhusu dakika 30, ambazo ziko chini ya wastani, kanuni itakupa 40 gawanya kwa 30, zaidi ya moja. Kusema uwezekano hauzidi moja ni sawa na kunyamaza, basi nyamaza.

Kitu kinachonisumbua kuliko hesabu ni wastani wenyewe umetoka wapi. Kati ya vile 1,000, tuseme 50 havijafika mpaka mwezi unafungwa: vimepotea, mteja hapatikani kwa simu, au bonde la Jangwani limejaa maji na dereva amegeuza. Mfumo umeviandikia 0, au umevitoa kwenye jumla ukagawa kwa 950. Ukiletewa wastani wa 40 uliogawiwa kwa 950, jumla ni dakika 38,000, na waliofika baada ya saa 2 au zaidi hawazidi 316. Lakini wale 50 nao hawajapata mzigo, na kama oda zao zimeshapita saa 2 ni wachelewaji wa wazi. Kikomo ni 366. Ni wale waliochelewa kuliko wote ndio wanaokosekana kwenye wastani, kwa hiyo swali la kwanza kwa aliyekupa ripoti liwe "umegawa kwa ngapi?"

Na kila tulichosema ni uhakika kuhusu mwezi uliopita. Kwa mwezi ujao unakopa wastani ule ukiamini utabaki hapohapo. Wastani wa Februari ukiutumia kuwaahidi wateja wa Aprili, masika ikiwa imekolea, tatizo halitakuwa la Markov.

Mara nyingi bosi atalizungusha swali: "Tuahidi muda gani ili wasiozidi mmoja kati ya kumi ndio watulalamikie?" Kwa wastani mtupu, unahitaji kiwango ambacho ni mara kumi ya 40, dakika 400. Hakuna mteja wa Sinza atakayesubiri saa 6 na dakika 40 akakuona mtu wa maana. Ukitumia ile 25 ya dada wa stoo, ni 25 kuongeza mara kumi ya 15, yaani dakika 175, karibu saa 3. Bado ni ndefu, lakini ni ahadi unayoweza kuitetea kwa namba ulizonazo. Akitaka fupi zaidi, mwombe mtu wa mfumo aongeze namba ya tatu kwenye ripoti: jumla ya dakika za kila safari zikiwa zimepandishwa kipeo cha pili. Hapo utapata mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi dakika zinavyotawanyika kuzunguka wastani, na ukiwa dakika 20, kwa mfano, kanuni ya Chebyshev itashusha waliochelewa saa 2 hadi wasiozidi 62 kati ya 1,000. Nayo ni hii hii ya Markov, isipokuwa safari hii kinachowekwa mahali pa `X` ni umbali kutoka kwenye wastani ukiwa umepandishwa kipeo cha pili, ambao kwa asili yake hauwi hasi.