Malaria kupanda milimani: joto au safari?

"Huku Kericho malaria ipo siku hizi, ni joto limepandisha mbu au watu wanaileta na safari? Na wale mbu wapya wa Marsabit je?"

Ndugu, idadi ya wagonjwa peke yake haikwambii. Kule Debre Zeit, Ethiopia, watafiti walichukua wagonjwa wa 1993 hadi 2005 wakawapanga kwa mwinuko wa kijiji, wakatafuta ule mwinuko ambao nusu ya wagonjwa wako chini yake nusu juu, basi mwaka wa joto mwinuko huo unapanda, mwaka wa baridi unashuka tena. Huko kushuka ndo ushahidi wenyewe kwamba ni joto. Anayesema malaria imepanda kwa dawa kushindwa kazi ana hoja, ila usugu wa dawa haurudi nyuma kisa mwaka umepoa. Bado hao ni wagonjwa sio mbu, kwa hiyo mtego wa mbu uwekwe nyumba zilezile miaka kadhaa.

Wa Marsabit ni Anofelesi stefensi, katokea Asia, alionekana Jibuti 2012, anazalia kwenye matangi na mapipa ya maji mjini, yeye hakupandishwa na joto. Na kuonekana Marsabit 2022 sio lazima alifika 2022, uliza kwanza kama matangi hayo yaliwahi kukaguliwa kabla.