"I suggest that he go": tafsiri kwanza, jaza pengo baadaye

Chukua swali hili la kujaza pengo: "The chairlady insisted that the treasurer ___ (bring) the receipts to the next meeting." Wanafunzi wengi wa Mombasa hujaza "brings", kwa kuwa mweka hazina ni mmoja. Waliobaki hujaza "brought", kwa kuwa "insisted" ni wakati uliopita. Jibu ni "bring", tupu kabisa, na anayezungumza Kiswahili ana njia ya kulijua bila kukariri kanuni.

Liseme kwa Kiswahili: mwenyekiti wa chama alisisitiza kwamba mweka hazina alete risiti mkutano ujao. Itazame "alete". Ina a- ya nafsi na -lete, na katikati hapana -na-, -li-, -ta- wala -me-. Kitenzi hicho hakina wakati, kwa sababu hakisemi kilichotokea bali kinachotakiwa kitokee. Kiingereza nacho hapo hukivua kitenzi chake kila kitu: hakiwekewi -s wala umbo la wakati uliopita. Ndiyo maana "insisted" haibadilishi chochote, kama vile "alisisitiza" isivyoigusa "alete".

Sasa mwenyekiti huyo huyo anamtetea mweka hazina aliyesingiziwa: alisisitiza kwamba mweka hazina alileta risiti. Imeongezeka -li- na -e ya mwisho imegeuka -a, na sasa tunasimulia jambo lililotokea, na Kiingereza huandika "insisted that the treasurer had brought the receipts". "Suggest" nayo ina nyuso mbili. "I suggest that he go" ni napendekeza aende. "The receipts suggest that he goes to Kongowea every week" ni risiti zinaonyesha kwamba huenda Kongowea kila wiki, na -s inarudi.

Angalia viambishi vya wakati, usitegemee -e ya mwisho peke yake. Vitenzi tulivyovipata kutoka Kiarabu, kama safiri, rudi na jibu, havigeuki mwishoni. Napendekeza asafiri, basi "that he travel". Najua anasafiri, basi "that he travels". Kanushi pia inalingana vizuri: asisafiri ni "that he not travel", bila "does" wala "don't". Na kitenzi cha kutendwa huhitaji "be": nauli ya matatu ipunguzwe ni "that the fare be reduced".

Kuna mahali Kiswahili kitakupoteza. Twasema "nataka aende" na "mwambie aende", lakini "want" na "tell" hazikubali umbo hili. Husemwa "I want him to go", "tell him to go". Kinyume chake, "I suggest him to go" ni kosa. Orodha ya kushika si ndefu: suggest, recommend, propose, demand, insist, request, require, pamoja na "it is essential that" na "it is important that". Ukikuta "that he should go" kwenye kitabu cha Uingereza, ni sahihi pia. Swali likitaka kitenzi kimoja tu, andika "go".

Kwenye "were" ya sentensi za "if", kipimo ni -nge-. "Kama ningekuwa nahodha wa feri" ni hali ya kuwazia, kwa hiyo "If I were the captain". "Kama alikuwa Likoni jana, aliiona feri" ni jambo linaloweza kuwa kweli, kwa hiyo "If he was at Likoni yesterday, he saw the ferry". Kuandika "were" hapo ili sentensi isikike ya kisomi ni kuiharibu. Mitaani utasikia "If I was the captain", na Waingereza wenyewe husema hivyo, ila katika zoezi la lugha rasmi andika "were".

Mtego mkubwa ni kwamba sisi hurudia -nge- pande zote mbili: ningekuwa nahodha, ningepiga honi. Hapo ndipo huzaliwa "If I would be the captain, I would blow the horn". Kiingereza huweka "would" upande wa matokeo tu. Na kama Kiswahili chako kimekuja na -ngali-, ningalijua ningalikuja, achana na "were". Hiyo ni "If I had known, I would have come".

Zoezi likikutaka uondoe "if", "were" hutangulia: "Were I the captain, I would blow the horn." Hapa "Was I" haikubaliki hata kidogo. Kitenzi kingine hufuata kwa "to": "Were the ferry to stop, we would use the bridge." Kanushi haifupishwi, kwa hiyo andika "Were it not for the ferry", kamwe usiandike "Weren't it for the ferry".