Maswali na majibu: neno moja au mawili kwenye ujumbe wa kazini?

Niliandika *We meet everyday at nine* kwenye kundi la kazini, mwenzangu akasema hapo yanatakiwa maneno mawili. Lakini mbona sehemu nyingine nakutana nalo likiwa neno moja?

Mwenzako yuko sahihi, na huko kwingine ulikoliona likiwa moja huenda pia palikuwa sahihi. *Every day* ya maneno mawili hujibu swali la lini au mara ngapi. Mnakutana mara ngapi? Kila siku. *Everyday* ya neno moja ni kivumishi. Kwa Kiingereza kivumishi cha namna hii hutangulia nomino kinayoieleza, kama katika *everyday tasks* au *everyday problems*. Sasa rudi kwenye sentensi yako: baada ya *everyday* kinafuata *at nine*. Hakuna nomino pale, kwa hiyo kivumishi hakina cha kueleza. Andika *We meet every day at nine*.

Ukisita, chomeka neno *single* katikati. *We meet every single day at nine* inasomeka vizuri, basi ni maneno mawili. *Our every single day tasks* haisomeki, basi hapo ni neno moja.

Ipo sehemu moja ambapo nafasi hiyo ndogo hugeuza maana nzima, nayo ni mwanzoni mwa sentensi. *Every day people ask us for a refund* maana yake kila siku watu wanatuomba tuwarudishie fedha. Ukiandika *Everyday people ask us for a refund*, umesema kwamba wanaoomba ni watu wa kawaida, na hujasema chochote kuhusu mara ngapi. Zote mbili ni Kiingereza sahihi, ndiyo maana hakuna atakayekusahihisha. Meneja ataelewa tu kitu ambacho hukukikusudia. Mimi hapo huhamishia maneno hayo mwisho: *People ask us for a refund every day.* Ukitaka yabaki mwanzoni, weka mkato baada ya *Every day*.

Kwa hiyo kikao cha kila siku ni *everyday meeting*?

Hapana, ni *daily meeting*. Mtego huu unatunasa sisi hasa tunaofikiri kwa Kiswahili, kwa sababu "-a kila siku" yetu hufanya kazi mbili. Tukisema "lugha ya kila siku" tunamaanisha lugha ya kawaida, isiyo rasmi. Tukisema "ripoti ya kila siku" tunamaanisha ripoti inayotoka siku baada ya siku. Kiingereza kimezigawa kazi hizo: *everyday* imebaki na ile ya ukawaida, na *daily* imechukua ile ya ratiba. Anayesoma *everyday report* anapata picha ya ripoti ya kawaida tu, isiyo na jambo la pekee, wala hajui ni ya kila siku au ya kila mwezi.

Jiulize kama kitu hicho kingeweza pia kuwa cha kila wiki. Kikao kinaweza kuwa *weekly*, ripoti vilevile, kwa hiyo ukivifanya vya kila siku vinakuwa *daily*. Lugha haiwezi kuwa ya kila wiki, kwa hiyo ni *everyday language*.

Shikamoo mwalimu. Mimi *maybe* na *may be* nabahatisha tu, leo hivi kesho vile. Kuna njia ya uhakika?

Marahaba. Ipo, na inaanza kwa kutafuta kitenzi. *Maybe* ni kielezi, sawa na *perhaps*. Sentensi inaweza kuishi bila yake. *May be* ni kitenzi *be* kikiwa na kisaidizi chake *may*. Ukikiondoa, sentensi inabaki bila kitenzi.

Kwa hiyo kiondoe uone. Chukua *The client maybe late.* Ondoa *maybe* na unabaki na *The client late*, sentensi iliyovunjika. Umeng'oa kitenzi chake, basi pale palitakiwa *may be*: *The client may be late.* Chukua nyingine: *May be we should call him.* Ukiondoa, unabaki na *We should call him*, sentensi nzima isiyopungukiwa na kitu. Basi ni *Maybe we should call him.*

Kipimo hiki kina udhaifu mmoja ambao afadhali uujue mapema. *The payment may be delayed* ukiiondolea *may be* inabaki *The payment delayed*, na kwa haraka jicho linaweza kuipokea kama sentensi kamili ya wakati uliopita. Si kamili. Malipo hayakuchelewesha kitu, yamecheleweshwa, na ili Kiingereza kiseme hivyo lazima *be* iwepo kwa umbo fulani. Ukikutana na kitenzi chenye *-ed* au *-ing* mwishoni, tumia kipimo cha pili: weka *might be* mahali pale. *The payment might be delayed* inakubali, basi ni maneno mawili. *Might be we should call him* haikubali katika maandishi ya kazini, basi ni neno moja.

Usijaribu kuamua kwa "labda". "Labda mteja atachelewa" inaweza kwenda Kiingereza kwa njia zote mbili, *Maybe the client will be late* au *The client may be late*, kwa hiyo "labda" haikuambii lolote kuhusu nafasi. Tazama sentensi ya Kiingereza yenyewe.

Sehemu moja unaweza kuikariri bila kupima: baada ya *there*, kwenye ujumbe wa aina ya *There may be delays*, ni maneno mawili. *There maybe delays* ni kosa ninaloliona mno kwenye matangazo ya huduma kusimama, na linaudhi kwa sababu tangazo lenyewe limeandikwa kuwatuliza wateja.

Mbona programu ya kukagua tahajia hainipigii mstari mwekundu nikikosea haya?

Kwa sababu hujakosea tahajia. *Maybe* imo kwenye kamusi, *may* imo, *be* imo. Programu inayokagua neno mojamoja haioni tatizo. Zile zinazokagua sarufi hunasa baadhi na kuacha mengine. Kwenye waraka mrefu, bonyeza `Ctrl+F`, tafuta `everyday`, kisha `maybe`, kisha `may be`, kisha `into` na `in to` tunazozifikia katika swali linalofuata, na upime kila moja mahali lilipo.

Ni *log into the system* au *log in to the system*? Na kwa nini bosi alinisahihisha nilipoandika *I came into collect the keys*?

Nianze na la bosi, kwa sababu hilo halina ubishi. *Into* ni kihusishi kimoja, na baada yake hutarajiwa kitu, mahali au hali: *into the office*, *into the account*, *into a problem*. Wewe umefuatisha kitenzi, *collect*. Ile *to* haikuwa ya *in* hata kidogo, ilikuwa ya *collect*: ulikuja ndani ili kuchukua funguo. *I came in to collect the keys.* Kama unaweza kuweka *in order to* na sentensi ikasimama, acha nafasi. *I came in in order to collect* haipendezi sikioni, lakini inasimama, na kwa kupima hilo linatosha. Kitenzi chenye *-ing* kinaweza kufuata *into*, kama *We talked him into signing*, kwa sababu kwa umbo hilo kinafanya kazi ya nomino.

Kuingia kwenye mfumo ni jambo la aina nyingine. Kitenzi chenyewe ni *log in*, maneno mawili yanayokwenda pamoja. Unaweza kusema *I logged in* ukaishia hapo. *To* inakuja baadaye kuonyesha umeingia kwenye nini. Kwa hesabu hiyo ni *log in to the system*, na mwongozo wa uandishi wa Microsoft hufuata mkondo huohuo kwa *sign in to*. *Log into* utaiona sana na hakuna atakayeshindwa kuielewa, lakini kwenye maelekezo yanayosomwa na wateja mimi natenganisha.

Jozi hiyohiyo ya kitenzi na *in* ikipuuzwa mahali pengine, maana huharibika kweli. *Turn in* ni kuwasilisha. *Turn into* ni kugeuka au kugeuza. Mtu akiandika *I turned the report into the manager*, amesema ameigeuza ripoti ikawa meneja. Aliyekabidhi ripoti huandika *I turned the report in to the manager*. Vivyo hivyo *hand in to* na *give in to*. Upande wa pili, *look into*, kwa maana ya kuchunguza, ni moja: *We are looking into the matter.*

Naomba unisahihishie huu kabla sijautuma: *Hello team, the everyday stock report maybe late today. I came into finish it but the system is down. The technicians are looking in to it. May be we can send it at four. This should not happen everyday.*

Tuufuate kuanzia juu. Ripoti ya bidhaa ingeweza pia kuwa ya kila wiki, kwa hiyo ni *daily*. *Maybe late* ukiiondolea *maybe* inakosa kitenzi: *may be*. *Into finish* ina kitenzi baada yake: *in to*. Mafundi wanachunguza, na *it* ndicho kitu kinachochunguzwa: *looking into it*. *We can send it* ina kitenzi chake na haihitaji kingine: *Maybe we*. *Everyday* ya mwisho haina nomino mbele yake na inasema mara ngapi: *every day*.

*Hello team, the daily stock report may be late today. I came in to finish it but the system is down. The technicians are looking into it. Maybe we can send it at four. This should not happen every day.*

Sarufi sasa iko sawa. Ila tazama tena sentensi ya nne: anayeisubiri ripoti hajui apange kazi yake kwa saa kumi au aisahau leo. Kama mafundi wamekuhakikishia muda, ondoa *maybe* na uandike *We will send it by four.*