Mwanangu, upendo na mapenzi sio kitu kimoja

"Shikamoo mama. Nimemsomea dada ile hotuba ya harusi ya kaka, nilipofika kwenye 'mapenzi yangu kwa kaka yangu hayana mwisho' akanikatisha, eti ukumbi mzima utaguna. Kwani mama, upendo, mapenzi, mahaba, huba, si yote ni kupenda tu? Nitumie lipi wapi?"

Marahaba mwanangu. Dada yako yuko sahihi kabisa, na hotuba yako nimeisoma yote, ni nzuri ila ina maneno matatu yamekaa sehemu sio yake, ngoja nikueleze moja moja maana ukielewa kwa nini hutanitumia tena hotuba nyingine nikukagulie.

Kinachokuchanganya ni kitenzi. Kupenda kwa Kiswahili ni kumoja, nakupenda anaambiwa mama, anaambiwa mume, anaambiwa rafiki, hata wali maharage unaupenda kwa neno hilohilo. Kwaiyo ukisimama pale ukumbini ukasema "kaka, nakupenda sana" hakuna atakayekushangaa, watu wanaona ni dada na kaka basi. Shida inaanza ukitoka kwenye kitenzi ukaenda kwenye jina, hapo ndo lugha inagawa, kila jina lina watu wake.

Upendo ndo jina pana na ndo salama kuliko yote. Unakaa kwa mzazi na mtoto, kwa ndugu, kwa majirani, kwa Mungu na waja wake, hata kwa mke na mume pia unakaa. Ona hata majina ya watu, tunao kina Upendo na kina Pendo kibao, lakini umeshasikia mtoto kapelekwa kliniki anaitwa Mahaba? Sasa mapenzi yametoka kwenye kupenda hukohuko ila yamekaa sana kwa wawili, mtu na mtu wake. Simaanishi kwamba mzazi haruhusiwi, "mapenzi ya mama kwa mwanae" watu wanasema na ni Kiswahili safi, kwa sababu mama na mwana wametajwa palepale na hakuna pa kuwaza vingine. Lakini mtu mzima, mwanamke, anashika maiki anasema "mapenzi yangu kwake hayana mwisho", na anayetajwa ni mwanaume wa rika lake kavaa suti, watu masikio yanasimama kabla hawajakumbuka kuwa ni kaka yako. Na usisahau "kufanya mapenzi" maana yake nini, hilo liko kichwani mwa kila mtu hata kama halitamkwi. Andika "upendo wangu kwa kaka yangu" basi imeisha.

(Alafu mapenzi yana kazi nyingine kabisa, utashi. Ukisali "mapenzi yako yatimizwe" huombi mahaba, unasema atakalo Mungu liwe. Ndo maana "mapenzi ya Mungu" mtu anayasema hata msibani, na "upendo wa Mungu" ni jambo jingine.)

Mahaba na huba yametoka kwenye Kiarabu na hayo ni ya chumbani na ya taarabu, sikufichi. Umeandika "baba alitulea kwa mahaba". Hapana mwanangu! Mahaba ni yale ya kubembelezana mtu na mwenzie, mzazi halei kwa mahaba. Huba nalo hivohivo, limezoea kukaa kwenye mashairi na nyimbo, bibi harusi akiambiwa ana huba sawa, baba mzazi hapana. Kwa baba weka "alitulea kwa upendo na huruma", na usiliache jina likae peke yake, ongeza alichofanya. Si unakumbuka alikuwa halali mpaka kaka arudi kutoka tuisheni, anakaa barazani na tochi yake anamsubiri? Liseme hilo, sisi kwetu mzazi hasemi sana kwamba anakupenda, anakuonea huruma, anakuonea uchungu, ndo maneno ya wazazi hayo, na waalikwa watakuelewa kuliko ungepanga majina matano ya kupenda.

Sasa hii ya wifi yako ndo imenishtua zaidi, "huyu bibi harusi alikuwa mpenzi wangu tangu chuo". Najua ulimaanisha rafiki unayempenda, ila mpenzi lina tabia yake. Likikaa pamoja na jina lingine la mtu linakuwa sifa tu: rafiki yangu mpenzi, mwanangu mpenzi, mpenzi msikilizaji wa redioni, hakuna anayetongozwa hapo. Ukilitia kitu mbele, kama mpenzi wa soka au wapenzi wa Simba na Yanga, ni shabiki. Lakini likisimama peke yake na wangu, "mpenzi wangu", hapo umesema mtu unayetoka naye, ni lilelile vijana mnaloandika mpz kwenye meseji. Na sisi urafiki hatuusemi kwa majina ya mapenzi, una maneno yake na ni matamu: swahiba, besti, rafiki wa kufa na kuzikana. Mimi ningesema "kabla hajawa wifi yangu alikuwa swahiba wangu, tumeshibana tangu chuo". Kushibana ndo lenyewe, linasema mmekaa muda mrefu mkajuana mpaka mkatosheka, na halina hata chembe ya kimapenzi. Shoga yangu usiseme, sisi wanawake wa pwani tunaitana hivo miaka yote lakini ukumbi utakuwa na watu wa kila mahali na siku hizi wengi wanalisikia kwa maana nyingine.

Kwa maharusi wenyewe hapo uko huru, mapenzi yanaruhusiwa na upendo unaruhusiwa. Kanisani wanasoma Wakorintho wa Kwanza 13, "upendo huvumilia, hufadhili", na ndugu zetu Waislamu kwenye nikaha wana ile aya ya 21 ya Suratul Rum, kwa Kiswahili utaisikia "mapenzi na huruma". Mimi naona yote mawili yanawafaa, mapenzi ndo yaliyowakutanisha na upendo ndo wa kukaa nao nyumbani, kwaiyo waombee yote. Ila sema mapenzi, usiseme penzi, penzi moja ni la uhusiano, ndo lile watu wanasema limenoga, limevunjika, wana penzi jipya, kwenye ndoa linapunguza uzito.

Basi isome hivi uone: "Kaka, nakupenda, na upendo wangu kwako hauna mwisho. Baba alitulea kwa upendo na huruma, halali mpaka urudi, na tochi yake barazani. Leo unamchukua swahiba wangu, tumeshibana tangu chuo, sasa ni wifi yangu. Mungu awape mapenzi na upendo, mvumiliane." Ikiwa ndefu kata ya katikati ila ya baba usiiguse.

Na ile kadi ya zawadi andika "kwa wapendwa wetu". Ukiandika "kwa wapenzi wetu" sio kosa kubwa maana wako wawili na ni maharusi, ila wapendwa inakaa vizuri zaidi kwa ndugu. Nitumie ukimaliza, nimsomee baba yako kabla ya Jumamosi.

Mama