Parvo: Ringa au koloidi kwanza?

"Mbwa wa miezi 4, kilo 8, ana parvo. Fizi nyeupe, miguu baridi, mapigo 200. Nianze na Ringa au koloidi, na kiasi gani?"

Anza na Ringa lakteti, mililita 15 kwa kila kilo, yaani 120, kwa dakika 15. Ipitie kwenye mshipa. Kuna mwenzetu aliyeshauri achomwe maji chini ya ngozi, hapana: mishipa ya ngozi imejibana, maji yatabaki pale pale yamevimba.

Zikiisha, simama umpime kabla ya kuongeza. Bonyeza fizi uone rangi inarudi baada ya muda gani, shika nyayo uone kama bado ni baridi, hesabu mapigo na pumzi. Mapigo yakishuka hadi 160 na akainua kichwa, lakini fizi bado zinachukua sekunde 3, rudia kiasi hicho hicho. Ukirudia mara ya tatu bila badiliko, tafuta kingine: sukari imeshuka, anavuja damu, au maambukizi yameingia kwenye damu na anahitaji dawa ya kubana mishipa. Pumzi zikianza kwenda mbio, funga dripu.

Kuhusu koloidi, mwenzetu anayezipendelea ana hoja, kweli hukaa zaidi ndani ya mshipa. Ila zile za wanga zinahofiwa kwa figo na kuganda kwa damu. Protini ikiwa chini sana wengine bado huzitumia kidogo kidogo, mimi hungoja.

Dada uliyeuliza kuhusu paka aliye katika hali kama hii, kwako ni mililita 5 hadi 10 za Ringa kwa kilo, huku ukimpasha joto taratibu.