Oskileta Iliyokataa Kuanza, na Makapasita Mawili Yaliyopishana Mahali

Kabla hujashika chuma cha kulehemu na kuunda oskileta yako ya kwanza, saketi inayojitolea wimbi yenyewe, nenda ukasimame karibu na amplifaya siku ya kupima sauti kwa ajili ya Maulidi. Hapa Lamu tunafunga spika kwenye vichochoro vyembamba vyenye kuta za mawe, na maiki mara nyingi huwa hatua tatu au nne tu kutoka kwenye spika. Fungua sauti taratibu, usikilize kwa makini. Kwanza maneno hutoka makavu. Ukiongeza kidogo, kila neno huacha mkia: linamalizika, lakini kuna sauti nyembamba inayobaki ikififia nyuma yake. Ongeza nukta moja zaidi, na ile sauti nyembamba haififii tena. Inapanda yenyewe mpaka watu wanaziba masikio.

Huo mluzi ni oskileta kamili. Sauti inatoka kwenye spika, inaingia kwenye maiki, inakuzwa, inatoka tena kwenye spika. Maiki ikiwa mita 3.5 kutoka kwenye spika, safari moja ya hewani inachukua kama milisekunde 10. Kama kila safari inarudisha sehemu 0.9 ya kilichotoka, baada ya nusu sekunde, yaani safari 50, kinabaki nusu tu ya asilimia moja. Ule ndio mkia unaofifia. Kama kila safari inarudisha 1.1, baada ya nusu sekunde hiyo hiyo sauti imekuwa kubwa zaidi ya mara mia. Kati ya ukimya na kelele kuna ile nukta moja ya kitufe. Hilo ndilo sharti la kwanza: ukuzaji wa mzunguko mzima, ukizidisha kila kinachokuza na kila kinachopunguza njiani, usiwe chini ya 1.

Sharti la pili linaonekana ukisogeza maiki. Mluzi haupungui tu au kuongezeka, bali hubadilika wimbo. Wimbi linalorudi lazima likute wimbi linalotoka likiwa mahali pamoja katika mwendo wake, yaani awamu moja, kilele juu ya kilele. Likirudi kilele juu ya bonde, linajifuta. Kwa hiyo jumla ya ucheleweshaji wa awamu katika mzunguko lazima iwe sifuri au duara kamili, digrii 360, au mara kadhaa za hizo. Kwa safari ya milisekunde 10, masafa yanayotimiza hilo yanapishana kwa hezi 100, na mluzi huchagua lile ambalo spika na kuta hulikuza zaidi. Ndiyo maana fundi akigeuza waya za spika ili kukomesha mluzi, mara nyingi anapata mluzi mwingine tu, wenye wimbo tofauti kidogo. Amesogeza awamu kwa digrii 180, ukuzaji ameuacha vilevile.

Masharti haya mawili yanaitwa kwa jina la Heinrich Barkhausen, mwanafizikia Mjerumani. Kwenye karatasi ni mstari mmoja, lakini mezani yana kona ambazo vitabu vingi huzipita haraka.

Kijana ninayemfundisha kazi aliunda oskileta ya daraja la Wien. Saketi hii ni nzuri kwa mwanzo kwa sababu kila sharti lina mahali pake. Kutoka kwenye tokeo la opampu, ile chipu inayokuza, kuna resista na kapasita zilizofuatana, R1 na C1, zikifika kwenye pini ya chanya. Kutoka pini hiyo kwenda ardhini kuna resista na kapasita zilizo sambamba, R2 na C2. Upande huu ndio unaochagua masafa. Upande wa pini ya hasi kuna resista mbili, Rf na Rg, zinazoweka ukuzaji. Resista zote mbili za upande wa masafa zikiwa sawa na kapasita zote mbili zikiwa sawa, hesabu ni hii, f ikiwa masafa na A ukuzaji wa opampu:

```
f = 1 / (2 * pi * R * C)
A = 1 + Rf / Rg
sharti: A >= 3
```

Ile 3 inatokana na mtandao wenyewe. Kwenye masafa yake unapitisha theluthi moja tu ya wimbi, bila kuchelewesha wala kutanguliza awamu. Kwa hiyo opampu lazima irudishe mara tatu.

Alitumia resista za kiloomu 10 na kapasita za nanofaradi 10, akitegemea hezi 1,592. Kwa Rf aliweka kiloomu 22 na Rg 10, apate ukuzaji wa 3.2, juu kidogo ya 3. Opampu ilikuwa TL072 yenye volti 12 chanya na 12 hasi. Akawasha, kimya. Akabadilisha opampu, kimya. Akaja kwangu: "Ami, na hii nayo imekufa."

Nikamwambia agonge ubao kwa kidole akiangalia oskiloskopu. Kila alipogonga, wimbi dogo safi lilitokea, likafifia ndani ya milisekunde chache. Sikiliza jambo hili vizuri: opampu iliyokufa haiwezi kufanya hivyo. Ule ni mkia wa spika za Maulidi. Awamu iko sawa, maana wimbi lina masafa yake na umbo lake. Kinachokosekana ni ukuzaji, tena kidogo sana.

Usibahatishe hapo, pima. Tulikata mzunguko pale ambapo ni rahisi, kwenye pini ya chanya, tukaweka resista ya kiloomu 100 kutoka pini hiyo hadi ardhini ili isibaki ikielea. Simu ina programu ya kutoa mlio wa masafa unayotaka, na waya wa sikio ulitosha. Tukaingiza kwenye pini hiyo kilele cha volti 0.5, tukasogeza masafa mpaka wimbi linalorudi kwenye maungio ya mtandao likalalia sawasawa juu ya wimbi tunaloingiza. Ilikuwa karibu hezi 1,610. Kilichorudi kilikuwa volti 0.49. Tunatoa 0.5, inarudi 0.49. Ukuzaji wa mzunguko ni 0.98, na oskileta haiwezi kuanza.

Lakini ukuzaji wa 3.2 umekwenda wapi? Tukang'oa vitu vyote tukavipima kimoja kimoja. Rf ilikuwa kiloomu 21.6 na Rg 10.1, kwa hiyo ukuzaji halisi ulikuwa 3.14. Bado ni zaidi ya 3. Upande wa pili R1 ilikuwa 10.2 na R2 9.8. C1 ilikuwa nanofaradi 9.2, C2 ilikuwa 10.6. Kapasita za kawaida huruhusiwa kupotoka asilimia 10, hivyo hazikuwa na kosa lolote. Ila vitu visipokuwa sawa, sharti lenyewe linabadilika:

```
A >= 1 + R1/R2 + C2/C1
```

Piga hesabu: 1 + 1.04 + 1.15, jumla 3.19. Mtandao ulikuwa unadai 3.19, na opampu ilikuwa inatoa 3.14.

Hatukununua kitu. Tulibadilishana mahali makapasita mawili, lile la 10.6 likaenda mbele, la 9.2 likashuka ardhini. Sasa C2/C1 ni 0.87, na mtandao unadai 2.91 tu. Masafa hayakubadilika, kwa sababu yanategemea kuzidishana kwa C1 na C2, na kuzidisha hakujali kipi kinatangulia. Tuliwasha, likaanza papo hapo. Mwambie mtu kwamba oskileta imepona kwa kubadilishana mahali vitu viwili vyenye maandishi yaleyale, hataamini mpaka umwonyeshe.

Sasa jambo la kuanza. Hakuna anayeisukuma. Ndani ya kila resista mna kelele ndogo ya umeme yenye masafa ya kila aina, na kuwasha swichi nako ni mshtuko. Mzunguko unachukua kutoka kwenye kelele hiyo yale masafa ambayo awamu yake imefunga, unayaacha mengine yafe. Kwa mtandao uliolingana na ukuzaji wa 3.2, wimbi la hezi 1,592 linakua karibu mara 2.7 kila milisekunde. Kutoka milivolti 1 hadi volti 10 ni kama milisekunde 9, mawimbi kumi na tano hivi.

Na hapo ndipo wanaoanza huniuliza: kama 1 ndilo sharti, kwa nini tusiweke 1 kamili? Huwezi. Joto la mchana peke yake litakupeleka 0.998 au 1.002. Chini ya 1 linafifia, juu ya 1 linakua mpaka kitu kilizuie. Usipoweka kizuizi chako, atakayelizuia ni ukomo wa umeme wa opampu, na wimbi litatoka limekatwa kichwa na miguu. Elewa kwamba hata likiwa limekatwa hivyo, ukuzaji wa wastani umeshuka na kuwa 1. Kila oskileta iliyotulia iko kwenye 1. Wewe unachochagua ni njia ya kuifikisha hapo.

Mwaka 1939 William Hewlett, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, aliweka taa ndogo mahali pa Rg. Wimbi likikua, uzi wa taa unapata joto, ukinzani wake unapanda, ukuzaji unashuka wenyewe, na wimbi linabaki safi. Mimi hutumia daiodi kwa sababu zipo kila mahali. Gawanya Rf kuwa kiloomu 18 na 4.7, kisha weka 1N4148 mbili, kila moja sambamba na ile ya 4.7 na kila moja ikielekea upande wake. Wimbi likiwa dogo daiodi zimelala na ukuzaji ni 3.27, unatosha kuanza. Likikua, daiodi zinafunguka na ukuzaji unashuka kuelekea 2.8. Linatulia katikati, kwa kilele cha kati ya volti 7 na 9. Daiodi zinapotosha umbo kidogo, taa haipotoshi, ila taa huchukua muda kutulia kila ukibadilisha masafa.

Kosa lingine ambalo hutaliona kwa kugonga ubao ni kugeuza pini ya chanya na ya hasi. Hapo hakuna mkia wala wimbi. Pima tokeo kwa mita ya umeme wa moja kwa moja: utakuta volti 10 hivi, chanya au hasi, zimesimama. Mzunguko umetimiza masharti kwenye masafa sifuri, ukajifunga hapo.

Masafa yakipanda, sharti la awamu ndilo linaloanza kukusumbua. Chukua LM741 ya zamani, resista za kiloomu 10 na kapasita za pikofaradi 330. Hesabu inakupa kilohezi 48, oskiloskopu inakuonyesha karibu 40. Kapasita hazina kosa. Opampu yenyewe kwa masafa hayo inachelewesha wimbi kwa digrii 7 hivi, na mtandao unalazimika kushuka mpaka pale unapotanguliza awamu kwa digrii hizo hizo ili duara lifunge. Hiyo ni kwa mawimbi madogo. Yakizidi kilele cha volti 2, 741 haiwahi kupanda, kwani mwendo wake ni nusu volti tu kwa maikrosekunde. Umbo linakuwa la pembetatu na masafa yanashuka zaidi. Weka TL072 mahali pake na utapata kama 45. Ukitaka kuuona ucheleweshaji huo kwa macho, weka kichunguzi kimoja kwenye pini ya chanya na kingine kwenye tokeo. Kwenye hezi 1,600 mawimbi hayo mawili yanavuka sifuri pamoja. Kwenye kilohezi 40, ukiwa na ile 741, la tokeo linachelewa kwa nusu maikrosekunde.